Shimo la Kumi Lilikuwa la Njenga

Mwalimu Robert Kipngetich alipostaafu kufundisha hesabu, watu wa huko Kabianga walidhani sasa atapumzika kusahihisha. Walijidanganya. Kalamu yake nyekundu aliihamishia kwingine kote. Kanisani alimsahihisha mhubiri, kwenye kituo cha kuuzia majani chai alimsahihisha karani wa mizani, na nyumbani alimsahihisha mkewe, Rodah, namna ya kukama ng'ombe ambao Rodah alikuwa akiwakama tangu Mwalimu yuko chuo cha ualimu. Hakuwa mtu mbaya, hilo tuliseme mapema. Alikuwa tu amezoea kusimama mbele ya ubao, na ubao ulipoondolewa yeye akaendelea kusimama.

Gofu aliijulia ukubwani, alipoalikwa na meneja mmoja wa mashamba ya chai aliyekuwa na mtoto shuleni kwake. Klabu yenyewe ni ndogo: mashimo tisa tu yaliyozungukwa na chai pande zote, kijito kimoja kinachokatiza katikati, na mvua inayofika kila alasiri bila kualikwa. Anayetaka kucheza mashimo kumi na nane kama wanavyocheza watu wa Nairobi anazunguka mara mbili. Mwalimu alijifunza kupiga mpira vizuri, lakini zaidi alijifunza kanuni. Alizisoma kama wengine wanavyosoma Zaburi, akazijua kwa sura na kifungu, na mwishowe wanachama wakachoka kubishana naye wakamfanya katibu wa mashindano. Kazi hiyo haina mshahara. Kwake ilikuwa sawa na kurudishiwa ubao.

Kila mwaka, baridi ya Julai inapouma, klabu huwa na mashindano ya kirafiki ya wawili wawili. Majina hutiwa kwenye kofia, kapteni akachomoa. Mwaka huo kapteni alikuwa Dorcus, mhasibu wa kiwanda cha chai, mama mpole asiyependa makelele. Alichomoa jina la Mwalimu, kisha akachomoa jina la Zacheus Njenga, na uso wa Mwalimu ukamshuka mbele ya watu wote.

Njenga aliuza vipuri vya magari mjini Kericho, kwenye duka ambalo babake alilifungua alipokuja kutoka Murang'a. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa, akabatizwa hapa, akaoa hapa, na Kipsigis anakizungumza hadi wazee wanacheka kwa raha. Alikuwa mwanachama wa klabu kwa miaka mingi. Tiketi za bahati nasibu alinunua yeye, mbuzi wa sherehe akachangia yeye, lakini kwenye ule ubao wa mbao ukutani, wenye majina ya washindi kwa rangi ya dhahabu, jina lake halikuwapo hata pembeni. Mpira wake ulikuwa mfupi na mnyoofu, na watu walikuwa na mazoea ya kumcheka kidogo kabla hajapiga. Naye alikuwa na mazoea ya kucheka pamoja nao. Siku ile ya kofia alimfuata Mwalimu nje, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mwaka huu angependa sana, angalau mara moja, Priscillah aone jina lao pale juu. Priscillah ni mke wake. Mwalimu alimjibu kwamba wataona, kwa namna ile walimu wanavyosema wataona.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya Jumamosi mbili. Ya kwanza ni ya mtindo unaoitwa fourball, ya pili ni foursomes, na jumla ya siku zote mbili ndiyo inatoa mshindi. Kwa kuwa kila mwaka kuna anayechanganya majina hayo mawili, asubuhi ya kwanza Mwalimu aliwakusanya wachezaji kwenye ngazi za klabu akawafundisha. Hakuna aliyemwomba. Hata hivyo alifundisha vizuri, tumpe haki yake.

"Fourball ni kila mtu na ng'ombe wake," alisema. "Mko wawili, mipira miwili. Kila mmoja anacheza mpira wake mpaka uingie. Kwa kila shimo mnaandika ile score iliyo nzuri kati yenu. Ukipiga saba na partner wako akapiga nne, mnaandika nne, ile saba inakufa. Ukiona umeharibu kabisa, weka mpira mfukoni, mwenzako amalizie. Sasa foursomes ni ng'ombe mmoja. Mpira ni mmoja, unapiga wewe, napiga mimi, unapiga wewe, mpaka uingie. Ukimwaga ndoo, imemwagikia nyote."

Akaendelea. Katika foursomes, alieleza, mmoja anaanzisha mashimo yote ya namba witiri, la kwanza, la tatu, la tano, na mwenzake anaanzisha ya namba shufwa. Haijalishi nani aliyeingiza mpira shimoni mara ya mwisho; shimo jipya lina mwenyewe tayari. Adhabu nayo haibadilishi zamu: mwenzako akipeleka mpira nje ya mipaka, wewe ndiye unayepiga tena kutoka pale pale alipopiga. Ukirusha fimbo ukakosa mpira kabisa, huo ni mkwaju, pigo linalohesabiwa, na zamu imehama. Hesabu ya handikapu, ile mikwaju anayopunguziwa mchezaji asiye hodari, nayo ni tofauti, kwa sababu mpira ni mmoja: mnajumlisha zenu mbili mnachukua nusu.

Kisha akafika mahali alipopapenda kuliko pote, kwa sababu palikuwa na hesabu. Klabu yetu, alisema, ina mashimo tisa, na tisa haigawanyiki kwa mbili. Aliyeanzisha shimo la kwanza ndiye ataanzisha la tisa. Mkirudi kuzunguka mara ya pili, shimo lile lile la kwanza sasa ni la kumi, na la kumi ni la mwenzake. Raundi ya pili kila kitu kinageuka. Alirudia mara mbili, akamwuliza Shirley, mhadhiri kijana ambaye hakuwahi kucheza foursomes, ni nani ataanzisha la kumi na saba. Shirley alijibu sawasawa, na Mwalimu akaridhika.

Jumamosi hiyo ya fourball ilimwendea Mwalimu vizuri mno. Alicheza kama mtu aliyeahidiwa kitu. Karibu kila shimo lililoandikwa kwenye kadi lilikuwa lake. Njenga alihesabika mara chache, ikiwemo mara moja Mwalimu alipouzamisha mpira kijitoni, akaulaza mwingine huko huko, akatia fimbo kwenye mfuko kwa hasira, na Njenga akamalizia shimo kwa mikwaju minne ya kawaida isiyo na maringo. Hiyo nne Mwalimu hakuitaja tena. Jioni walipojikuta nafasi ya pili, nyuma kidogo ya Weldon, daktari wa mifugo kutoka Bomet, na Shirley aliyekuwa mwenzake, watu wakampongeza Mwalimu. Akasema, akicheka, kwamba mgongo unamuuma kwa kumbeba Njenga siku nzima. Meza nzima ikacheka. Njenga alicheka pia, akamwagizia chai.

Wiki iliyofuata Njenga hakukawia dukani kwake. Kila jioni baada ya kufunga alikuja klabuni peke yake, akasukuma mipira kwenye grini, ile nyasi fupi inayozunguka shimo, mpaka mvua imfukuze. Alimpigia Mwalimu simu kuuliza jinsi watakavyogawana mashimo. Mwalimu alikuwa ameshaamua. Yeye angeanzisha ya witiri, kwa kuwa shimo la kwanza ni refu na linahitaji mtu anayepiga mbali. Njenga angeanzisha ya shufwa, mengi yakiwa mafupi yanayofaa mpira wake mnyoofu. Njenga aliuliza raundi ya pili itakuwaje, maana hapo lile refu litakuwa lake. Mwalimu akamwambia asiwe na wasiwasi, wataona. Ndivyo alivyosema, na mimi nasema hapo ndipo kosa lilipoanzia. Moyoni hakuwahi kumpa Njenga shimo lile.

Jumamosi ya pili asubuhi ilikuwa safi, chai imeoshwa na mvua ya usiku. Walipangwa kundi moja na Weldon na Shirley, kwa kuwa walikuwa wakikaribiana kwa matokeo. Sasa, fourball humficha mtu. Unaweza kuwa na siku mbovu ukatembea nyuma ya mwenzako kama mgeni wa harusi, na hakuna atakayejua. Foursomes haina maficho. Mwalimu aligundua hilo mapema: mpira alioutupa kwenye nyasi ndefu, hakuufuata yeye, aliufuata Njenga. Alioutia mchangani, Njenga ndiye aliyeingia mchangani.  Alitoa mpira, akafuta viatu, akampa Mwalimu nafasi nzuri ya mkwaju unaofuata. Katika mashimo ya kwanza matatu Mwalimu alisikia kitu kama aibu, kidogo tu, kama kokoto kiatuni. Lakini Njenga alivyozidi kuokoa, ndivyo matokeo yao yalivyozidi kuwa mazuri, na matokeo yakiwa mazuri Mwalimu hujua ni kazi ya nani.

Walimaliza raundi ya kwanza wakiwa mbele ya watu wote. Kwenye kibanda kilicho karibu na klabu palikuwa na chai na mandazi, na kila aliyekuwa pale alimpa Mwalimu mkono. Aliulizwa siri ni nini. Alieleza, mandazi mkononi, jinsi alivyogawa mashimo kwa akili, na mpira wake wa shimo la tisa ulivyoangukia. Alieleza kirefu. Walipoitwa kuendelea, alitembea moja kwa moja hadi mahali pa kuanzia, bado akiongea, akachomeka mpira wake.

Njenga alikuwa ameshasimama pale, na fimbo yake ndefu mkononi.

"Mwalimu," alisema polepole, "hapa si ni mimi?"

"Njenga, hili ni shimo la kwanza. La kwanza ni langu tangu asubuhi. Wewe ngoja la pili."

Hakumwangalia hata usoni. Njenga aligeuka kidogo kwa Weldon na Shirley kama mtu anayetafuta shahidi, lakini Weldon alikuwa akikwangua tope kwenye viatu na Shirley alikuwa akiwaza mpira wake mwenyewe. Njenga akarudisha fimbo mfukoni. Nani angebishana na mtu aliyefundisha kanuni hizo kwenye ngazi za klabu? Mwalimu akapiga, na ulikuwa mpira mzuri kuliko wote aliowahi kuupiga pale, ukapaa juu ya bonde ukaenda kulala katikati. Watu wakapiga makofi. Mpira ule ungepigwa vibaya labda mtu angeuliza swali.

Waliendelea hivyo hivyo hadi mwisho, kila mmoja akianzisha mashimo yake ya asubuhi. Kwenye shimo la mwisho walibakiwa na mpira wa mbali grinini, mteremko wake umepinda, na zamu ilikuwa ya Njenga. Alichuchumaa, akautazama kwa muda, akasukuma. Mpira ulizunguka kama unaosita, ukaingia. Njenga alivua kofia. Hakupiga kelele, alisimama tu, ameishika kofia kifuani. Mwalimu alimpigapiga bega, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alifurahi kwa ajili ya mtu mwingine.

Kadi zilitiwa saini zikapelekwa kwa Dorcus. Kabla hazijamaliza kujumlishwa, habari ilikuwa imeshaenea kwamba Mwalimu na Njenga wameshinda kwa mkwaju mmoja. Njenga alimpigia mkewe simu, na Priscillah akafika akiwa amevaa gauni lake la kanisa, siku ya Jumamosi, mkoba mkononi. Aliketi karibu na Mwalimu kwenye meza ndefu ya ukumbini, akatazama ubao wa majina ukutani, akauliza kwa upole wamecheza vipi, maana mume wake amemweleza wiki nzima na bado hajaelewa. Alitaka kuelewa vizuri, alisema, ili akiulizwa kanisani asibabaike.

Kwa Mwalimu hiyo ilikuwa kama kuombwa aimbe. Alichukua vikombe viwili akavipanga mbele yake. Hiki ni mimi, hiki ni mzee wako. Akamweleza tofauti ya Jumamosi ile na hii: ile kila mtu na mpira wake na mnaandika ulio bora, hii mpira mmoja na zamu. Priscillah alifuatilia kwa makini, akarudia kwa maneno yake, akapatia. Mwalimu akavisogeza vikombe shimo kwa shimo. La kwanza langu, la pili lake. La saba langu, la nane lake.

"La tisa langu," alisema. "Kwa hiyo la kumi ni la..."

Kikombe cha Njenga kilikuwa tayari mkononi mwake. Hakukiweka chini. Alikitazama kama hajawahi kuona kikombe. Masikio yalianza kumwaka moto, na moto ukashuka shingoni, na sauti ya watu ukumbini ikawa mbali.

"La kumi ni la nani, Mwalimu?" Priscillah aliuliza.

Alimwambia samahani, kuna kitu anataka kumwuliza kapteni. Alisimama, lakini hakwenda. Alisimama nyuma ya kiti chake kwa muda akitafuta njia ya kutokea. Zamu ikikosewa, alijua, kuna dawa yake: yule ambaye ilikuwa zamu yake anarudi kupiga kutoka pale pale, mnaongezewa mikwaju miwili ya adhabu, maisha yanaendelea. Lakini dawa hiyo lazima inywewe kabla ya kuanza shimo linalofuata. Ukishaanza jingine hujarekebisha, nyote mmetolewa mashindanoni, na siku ile ya fourball inatoka nanyi. Hakuna katika klabu nzima aliyelijua hilo kama yeye. Na ndiyo maana, alifikiri, hakuna mwingine atakayegundua. Aliona haya hata kwa kuliwaza. Alimtazama Njenga kule mlangoni, akipokea mikono ya watu waliozoea kumcheka, akijibu kila mmoja asante, asante sana.

Alikwenda kwa Dorcus. Tumpe haki yake na hapo pia. Wengine wangekaa kimya. Lakini kuna namna ya kusema ukweli ambayo ni nusu ya uongo, na Mwalimu aliipata haraka kama mtu anayeijua njia. Aliinama kwenye meza ya kapteni akasema kwamba kwa bahati mbaya zamu ilichanganyika kuanzia shimo la kumi, kwamba walijisahau, kwamba kanuni ni kanuni. Alisema tulichanganyikiwa, tulikosea, tulijisahau. Kila kitenzi kilikuwa cha watu wawili.

Dorcus aliweka kalamu chini. Aliuliza, bila ukali, ni nani kati yao aliyesahau zamu. Kapteni ana haki ya kujua. Weldon, aliyekuwa karibu, alisikia, na ukumbi ni mdogo.

"Aii, Njenga!" Weldon alisema, akicheka bila nia mbaya. "Hata kuhesabu mpaka kumi?"

Kicheko kikapita mezani, kile kile cha kila mwaka. Mwalimu alifungua mdomo. Naapa alifungua. Lakini Njenga alikuwa ameshakaribia, na alisikia, na aliuona uso wa Mwalimu ulivyokuwa. Akavua kofia tena.

"Ni mimi, Kapteni," alisema. "Nilisahau. Mniwie radhi."

Na Mwalimu Robert Kipngetich, aliyewahi kumrudisha mhubiri nyuma kwa kusema sura ya tano badala ya ya sita, hakusahihisha.

Alirudi kukaa. Miguu ndiyo iliyomrudisha. Dorcus alitangaza kwa sauti ndogo kwamba jozi ile imetolewa na kwamba kombe ni la Weldon na Shirley, na watu wakapiga makofi yasiyo na nguvu. Priscillah alimtazama mume wake, akasema kwa Kigikuyu maneno machache ambayo Mwalimu hakuyaelewa, lakini sauti ya mke aliyevunjika moyo haihitaji mkalimani. Njenga aliinamisha kichwa kama mtoto. Vikombe viwili vilikuwa bado mezani. Nyama ililetwa, Mwalimu akatafuna kipande kimoja mpaka kikapoteza ladha. Kila mara mtu alipopita akampa Njenga pole kwa lile tabasamu la kumjua, Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi haikupasuka. Akajiambia atasema kesho, dukani, wakiwa wawili. Kisha akajiambia kwamba Njenga amejitolea mwenyewe, hakulazimishwa. Hilo la pili ndilo alilolionea haya zaidi.

Mwisho wa sherehe katibu wa mashindano hutoa shukrani. Jina lake liliitwa. Alisimama mbele yao, mahali alipopapenda maisha yake yote, na kwa mara ya kwanza hakujua aweke wapi mikono. Shirley alisema baadaye kwamba alidhani Mwalimu ameugua ghafla.

"Kabla ya asante," alisema, kisha akaanza upya. "Mpira wa shimo la kumi nilipiga mimi. Ilikuwa zamu ya Njenga. Aliniambia. Alikuwa amesimama pale na fimbo yake, akaniuliza, nami nikamwambia angoje. Na hapa alipobeba kosa langu nilinyamaza. Nyinyi mlicheka, mimi nikanyamaza. Hivyo ndivyo ilivyokuwa."

Hakuna aliyecheka wala kupiga makofi. Weldon alitazama kombe lililokuwa mbele yake kana kwamba si lake. Dorcus alisema asante, Mwalimu, kwa namna ya kumruhusu akae, lakini Mwalimu hakukaa. Asante za wafadhili na wapishi hazikutolewa mwaka huo. Alitoka nje akiwa ameacha koti lake kitini.

Mvua ilikuwa imeshaanza. Alimkuta Njenga nyuma ya jengo, kwenye bomba la maji, akiosha fimbo zake chini ya paa la mabati. Priscillah alikuwa ndani ya gari, kioo kimepanda. Mwalimu alisimama hatua chache, maji yakimtiririkia kwenye miwani, akisubiri Njenga ageuke. Njenga hakugeuka mpaka alipomaliza ile iliyokuwa mkononi.

Mwalimu alimwambia kwamba amewaeleza wote. Njenga akasema amesikia, dirisha lilikuwa wazi. Mwalimu akaomba msamaha. Aliomba vibaya, maneno yakikanyagana, mtu ambaye hakuwa na mazoezi ya kazi hiyo. Alisema hakupaswa kumwacha achekwe kwa jambo ambalo si lake.

"Ungeliacha tu likae kwangu," Njenga alisema. Hakuwa na hasira. "Mimi nimezoea, Mwalimu. Wewe ndiye hujazoea."

  Mwalimu aliona jinsi miaka yote ile alivyokuwa akimcheka mtu huyu pamoja na wengine, na jinsi mtu huyu alivyokuwa akilipa kwa kucheka pia, na akaona aibu kubwa kuliko ile ya ukumbini, kwa kuwa hii haikuwa na kanuni ya kuifuta. Mwishowe akasema jambo pekee lililobaki. Alimwomba mwakani wacheze tena pamoja, bila kusubiri kofia, waandike majina yao mapema.

Njenga alizifuta fimbo moja moja kwa kitambaa, akazipanga mfukoni, akafunga zipu. Alimpa Mwalimu mkono, mkono wa kweli, wa heshima, kama alivyompa siku zote.

"Tutacheza, Mwalimu," alisema. "Lakini mimi na wewe tucheze ile ya kila mtu na mpira wake."

Alibeba mfuko wake mwenyewe hadi kwenye gari.